Meseji 40, maagizo mawili: yapi yameshinda?

Swali: Assalaam alaikum, mwalimu. Naandika programu kwenye ofisi ya wakala wa forodha hapa Mombasa. Tuna kipengele kinachotumia modeli ya lugha kusoma meseji za wateja za WhatsApp na kutoa muhtasari kwa wenzetu walioko bandarini: nambari ya kontena, siku, saa, na anachotaka mteja. Nina meseji 40 za kujaribia. Maagizo ya zamani tunayoipa modeli yalipata 33, mapya 36. Jioni nikarudia mapya, yakapata 34, na `temperature`, mpangilio wa kiasi cha kubahatisha kwa modeli, nimeiweka 0. Je, niyaingize mapya kazini au nibaki na ya zamani?

Jibu: Waalaikumu salaam. Usiyaingize bado, wala usiyatupe. Matokeo matatu uliyonayo hayatoshi kuamua, na sababu unaiona mwenyewe: maagizo yaleyale yametofautiana kwa alama 2 kati ya asubuhi na jioni, na tofauti unayotaka kuiamini ni alama 3.

Hiyo `temperature=0` hupunguza kuyumba kwa majibu lakini haikuondoi. Kwenye seva, ombi lako husindikwa pamoja na maombi ya watu wengine, na ukubwa wa kundi hilo unaweza kubadilisha mpangilio wa kujumlisha namba za desimali ndani ya modeli. Tofauti inayotokea ni ndogo mno. Lakini maneno mawili yakiwa karibu sawa kwa uwezekano wa kuchaguliwa, inatosha kufanya lile la pili lishinde, na sehemu iliyobaki ya jibu ikafuata njia nyingine.

Kwa hiyo pitisha kila meseji mara 5 kwa kila maagizo, uhifadhi majibu yote pamoja na jina kamili la toleo la modeli. Utakuwa na majibu 200 kila upande. Kabla ya kuyahesabu, angalia unayasahihisha kwa kigezo gani. Ukiuliza kama muhtasari ni mzuri, kila mtu atajibu kwa ladha yake. Uliza mambo ya ndiyo au hapana: nambari zote za makontena zipo na hazikubadilika? Saa ni sahihi? Kuna jambo limeongezwa ambalo mteja hakulisema? La kwanza liachie programu, ilinganishe na jibu uliloliandika mapema. La mwisho linahitaji jicho la mtu.

Hapo kwenye saa ndipo mtakapobishana. Mteja akiandika "lori lije kesho saa mbili asubuhi", muhtasari useme 08:00, na modeli ikiandika 02:00 kosa liko wazi. Je, akiandika "lori lije saa mbili" basi? Msahihishaji mmoja ataikubali 08:00 kwa sababu ndiyo saa ya kawaida ya kazi. Mwingine atasema hapana, bandarini malori hupakia hata usiku, na wapo wateja wanaohesabu saa kwa kufuata Kiingereza, kwa hiyo muhtasari ulipaswa kuweka alama ya kumuuliza. Wote wana hoja. Kilichopungua ni mwongozo wenu.

Wape wenzako wawili majibu 20 yaleyale, kila mmoja asahihishe peke yake, wala asijue jibu limetoka kwenye maagizo yapi. Kila walipotofautiana, ongeza mstari. Hapa mimi ningeandika: "Meseji isipotaja asubuhi, mchana au usiku, jibu sahihi ni ULIZA, 08:00 bila ULIZA ni kosa." Kisha wape 20 mengine. Wakishakubaliana karibu kila mahali, sahihisheni yote. Siku mkitaka modeli nyingine isahihishe badala yenu, ipeni mistari hiyohiyo na mlinganishe hukumu zake na za hao wawili kabla ya kuiamini.

Sasa matokeo. Tuseme, kwa mfano, maagizo ya zamani yamepata 173 kati ya 200, na mapya 181. Ukiishia hapo utayachagua mapya. Shuka kwenye meseji mojamoja. Utakuta 31 zimefaulu mara 5 kati ya 5 pande zote mbili. Hizo hazina la kusema kuhusu tofauti. Zimebaki 9. Mbili zinayumba, moja 3 kisha 2, nyingine 2 kisha 3. Tano zimepanda, kutoka 0 au 1 hadi 3 au 4, na ukizifungua unaona zote ni za saa. Mbili zimeshuka, kutoka 5 hadi 2 na 1, na zote mbili ni za mteja aliyetaja makontena mawili kwenye meseji moja. Maagizo mapya yanalitaja la kwanza na kulisahau la pili.

Ukishaona hivyo, jumla ya 181 haina uzito tena. Saa iliyokosewa hurekebishwa kwa simu moja. Kontena lililosahaulika hubaki bandarini bila mtu kujua, na siku za bure zikiisha gharama ya kuhifadhi inaanza kuhesabiwa. Makosa haya mawili hayafai kujumlishwa kwenye kapu moja. Nambari za makontena zifanye sharti: meseji yoyote ikikosa hata mara moja kati ya 5, toleo hilo haliingii kazini, hata kama alama nyingine zimepanda. Na usitegemee tarakimu ya ukaguzi, ile ya mwisho kwenye nambari ya kontena kwa kanuni ya ISO 6346, ikuokoe hapa. Inasaidia kukamata nambari iliyokosewa, lakini kontena ambalo halikutajwa halina tarakimu ya kukagua.

Jambo moja huwapotosha wengi. Majibu 200 si meseji 200. Kurudia mara 5, au hata 50, kunakuonyesha modeli inavyoyumba kwenye meseji hizo 40 tu. Hakukuambii lolote kuhusu meseji ambazo hukuziweka. Katika mfano wetu, 5 zimepanda na 2 zimeshuka. Ukirusha sarafu mara 7, kichwa hutokea mara 5 au zaidi karibu mara 23 kati ya 100, kwa hiyo bahati tupu bado inaweza kuleta picha kama hii. Dawa yake ni meseji zaidi, hasa za aina zile mbili zinazosumbua: tafuta kama 20 za makontena mawili au zaidi, na 20 za saa zilizoandikwa kila namna. Chukua za wateja halisi, zilivyoandikwa, na makosa yake ya tahajia, ila ondoa majina na nambari za simu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu hata kwenye faili la majaribio.

Ukizipata, nusu zifungie. Rekebisha maagizo mapya ukitumia nusu uliyoiacha wazi pamoja na zile 40, hadi makontena yote yatajwe mara 5 kati ya 5. Zile ulizozifungia zifungue mara moja tu, siku ya kuamua, na uzipitishe kwa maagizo yote mawili kwenye toleo lilelile la modeli.