Maswali na majibu: Cheti cha kengele za moto

Mkandarasi amenikabidhi cheti. Kimeandikwa "zoni zote zimepimwa, sawa." Nipokee nitie sahihi?
*Msimamizi wa jengo, Tudor*

Usitie bado. Sentensi moja kama hiyo haikuambii kilichopimwa ni nini. Katika mfumo mpya kila kihisi kinapimwa, kila kitufe cha kuvunja kioo na kila king'ora, si kimoja kwa niaba ya zoni nzima, yaani sehemu nzima ya jengo. Kihisi cha moshi hupulizwa moshi wa kopo, cha joto hupewa joto, na mtu mwingine anasimama mbele ya paneli akisoma kwa sauti maneno yanayotokea.

Hapo kwenye kusoma ndipo kosa kubwa hujitokeza. Kihisi kinaweza kulia vizuri kabisa, lakini paneli ikaandika "Zoni 4, korido" ilhali kipo ghorofa ya pili, katika zoni 3. Mara nyingi chanzo ni mchoro wa zamani: vyumba vilibadilishwa namba, majina ndani ya paneli yakabaki yale yale. Usiku askari atapanda ghorofa isiyo na moto. Kwa hiyo dai orodha yenye anwani ya kila kifaa ndani ya paneli, mahali kilipo, maneno yaliyosomwa kwenye paneli, tarehe na jina la aliyepima.

Lile jedwali la chanzo na matokeo, linalosema kihisi gani kikilia nini kifanyike, naliona limejaa alama za vema tupu. Nitajuaje kama kweli walipima?
*Meneja wa hoteli, Nyali*

Chagua kisanduku kimoja kigumu, uombe kirudiwe ukiwa umesimama hapo. Mimi huchagua lifti.

Chukua hoteli ya ghorofa tano. Moshi ukigunduliwa ghorofa ya tatu, jedwali linasema lifti ishuke chini, ifungue milango na itulie. Wakajaribu, ikashuka, wakatia alama. Sasa mwambie fundi apulizie kihisi kilicho mbele ya mlango wa lifti huko huko chini. Jedwali linataka lifti isimame ghorofa ya kwanza, maana chini ndiko kwenye moshi. Ikishuka chini na kufungua milango, umeshapata jibu: ndani ya paneli waliweka amri moja tu, "moto wowote, lifti chini," na alama ya pili ilitiwa bila jaribio. Wageni waliomo wangepelekwa penye moshi wenyewe.

Visanduku vitupu navyo vina maana yake. Kama vali ya gesi ya jikoni imepangwa kufungwa na kihisi cha jikoni peke yake, basi kihisi cha korido ya juu kikilia gesi isikatike. Nalo lithibitishwe. Na uliza jambo hili bila kuona haya: wakati wa majaribio, waya za lifti na gesi zilikuwa zimeunganishwa, au matokeo yalizimwa kwenye paneli ili kazi isisumbue? Ikiwa yalizimwa, walichopima ni paneli tu, na cheti kiseme hivyo.

Cheti kina kasoro tatu bado wazi: sanduku la kitufe karibu na bwawa limeshika kutu, ramani ya zoni haijabandikwa, na ving'ora vyumbani vina sauti ndogo. Naweza kupokea wageni?
*Mama mwenye nyumba za wageni, Bamburi*

Mama, hizo tatu hazina uzito sawa. Ramani ni kazi ya siku moja, ila ibandikwe kabla mgeni hajaingia. Kitufe chenye kutu kibadilishwe kwa kile kilichotengenezwa kwa matumizi ya nje, kwani hewa ya chumvi itarudia kazi yake. Mpaka hapo andika njia ya muda: nani yuko pale, na kitufe gani cha karibu kinafanya kazi.

Ya tatu ndiyo inayokuzuia. Kiwango cha Uingereza cha BS 5839-1, kinachofuatwa na wasanifu wengi, kinataka desibeli 75 penye mto wa kitanda, mlango ukiwa umefungwa. King'ora cha korido hupoteza nguvu nyingi mlangoni, na aliyelala fofofo hataamka. Dawa ni king'ora ndani ya chumba. Vyumba vilivyoshindwa visilaze mtu.

Kasoro hufungwa kwa kipimo kipya chenye tarehe. Kukiongezwa ving'ora au kubadilishwa amri za paneli, sehemu zilizoguswa zipimwe upya pia.

Betri nazo zimo kwenye cheti?
*Fundi kijana, Likoni*

Zimo, kwa namba. Tuseme usanifu unadai saa 24 bila umeme, kisha nusu saa ya kulia. Paneli ikitulia hula ampea 0.3, ikilia 1.2. Hiyo ni ampea-saa 7.2 na 0.6, jumla 7.8. Betri ya ampea-saa 7 haifiki, hata kabla hujaongeza akiba ya uchakavu. Na ving'ora ulivyomsikia Mama wa Bamburi akiongezewa vitapandisha hiyo 1.2, basi hesabu irudiwe.