Uliza kiwango cha mshahara kabla hujakata tiketi ya boti

Mimi ni mtu wa Chake Chake, Pemba, na somo hili nimelilipia kwa nauli yangu mwenyewe. Nawaandikia nyinyi mnaoanza kutafuta kazi Unguja, hasa kwenye mahoteli, ambako anayekupigia simu mara nyingi si bosi wa kazi bali ni afisa ajira au wakala aliyepewa shughuli ya kutafuta watu.

Nilikuwa nafanya kazi ya mahesabu Chake, nikipata 620,000 kwa mwezi kabla ya makato. Dada mmoja akanipigia: hoteli ya kaskazini inataka mtu wa rezavesheni, cheti changu kimempendeza, nije kwenye usaili. Nikafurahi, nikasema nakuja. Safari moja kwangu haipungui laki moja, ukijumlisha boti ya Mkoani kwenda na kurudi, daladala ya Nungwi na chakula, na kazini nikaomba ruhusa ya siku mbili bila malipo. Usaili wa kwanza ukaenda vizuri. Wiki mbili baadaye wakaniita tena kuonana na meneja, nikavuka tena. Barua ya kazi ilipokuja, mshahara ulikuwa 550,000.

Nikampigia yule dada nikiwa na hasira. Akanijibu kwa upole kabisa: "Kaka, bajeti ilikuwa hiyo hiyo tangu tulipotangaza. Mbona hukuniuliza?"

Jibu lake lilinichoma kwa sababu lilikuwa la kweli. Sikuuliza kwa kuwa niliona haya. Sisi tumelelewa kwamba mgeni hakaribishwi chai akauliza kuna vitafunio gani. Lakini afisa ajira hakukaribishi chai. Kabla hajaanza kupiga simu kwa kawaida ameshaambiwa nafasi hii imetengewa kiasi gani, na yeye pia anapata hasara akimfikisha mtu mpaka mwisho halafu mtu huyo akakataa, kwa sababu itabidi aanze upya.

Wakati wa kuuliza ni mmoja tu: ameshamaliza kukueleza kazi, na hamjapanga siku ya usaili. Ukiuliza kabla hajaeleza kazi, unaonekana umefuata pesa tu. Ukishapanga siku, umeshaanza kugharamika. Namna ya kuuliza nayo ina uzito wake. Usiseme "mtanilipa ngapi?", kwa sababu hapo unamlazimisha akupangie bei wewe, naye hajakujua bado. Uliza nafasi imetengewa kiasi gani. Mimi siku hizi huandika ujumbe kama huu baada ya simu:

"Assalaam aleikum dada. Ahsante kwa maelezo, kazi nimeielewa na naipenda. Kwa kuwa natokea Pemba na safari inanichukua siku mbili, naomba kujua nafasi hii imetengewa mshahara wa kuanzia ngapi mpaka ngapi, hata kwa makisio, ili tusipotezeane wakati."

Kutaja Pemba si kujilalamisha. Ni sababu ambayo kila mtu Unguja anaielewa, na inaliondolea swali ukali. Anayekaa Mwanakwerekwe ataje kazi aliyonayo na ugumu wa kupata ruhusa.

Jibu utakalopata mara nyingi si namba. Wapo watakaosema "inategemea uzoefu wako." Huyo anazo namba mbili, ya chini na ya juu, basi muombe zote mbili: "Sawa, mwenye uzoefu mdogo anaanzia wapi, na mwenye mwingi anaishia wapi?" Wengine watakurudishia swali: "Kwani wewe unataka ngapi?" Hapo mrudishie mara moja tu, kwa heshima, kwamba ungependa kwanza kujua walichotenga. Akishikilia, taja. Lakini ukisema "laki saba mpaka tisa", jua kwamba yeye kaandika saba. Kwa hiyo namba yako ya chini iwe ile ambayo ukipewa kweli utapanda boti ukiwa umeridhika. Ile ya kuanzia mazungumzo tu usiitaje. Na akisema "hayo tutazungumza mwisho", jaribu mara ya pili, kisha muombe usaili wa kwanza uwe kwa simu ya video. Akikataa yote mawili, mimi huwa sivuki. Mwenzangu mwenye miezi minane bila kazi anaweza kuamua vingine, na simlaumu.

Sasa tuseme umepata namba. Hapa ndipo wengi wanapoumia mara ya pili, na mimi nilikaribia kuumia. Wakala mwingine aliniambia kazi ya mapokezi, hoteli ya Kiwengwa, "laki saba mpaka tisa." Nikakaribia kusema nakuja. Nikauliza kwanza: hiyo ni ghafi au ni ya mkononi? Ghafi, akasema. Laki tisa ghafi, ukitoa mchango wa hifadhi ya jamii wa ZSSF na kodi ya mshahara, kwa hesabu yangu inabaki 750,000 hivi. Bado si mbaya. Nikauliza tena: sevis chaji imo humo ndani au iko pembeni?

Akanyamaza kidogo. Imo ndani.

Kumbe mshahara wa msingi ulikuwa 500,000, na kilichobaki ni sevis chaji, ile sehemu ya bili za wageni wanayogawana wafanyakazi. Julai na Agosti hoteli ikijaa, unaifikia laki tisa. Masika ya Aprili na Mei mvua zikishika na vyumba vikiwa vitupu, sevis chaji inanywea mpaka karibu na sifuri, nawe unabaki na laki tano yako, tena ghafi. Zipo hoteli zinazofunga kabisa miezi hiyo na kuwapeleka watu likizo, basi hilo nalo uliza: masika mnafunga, na mkifunga tunalipwaje? Nilimshukuru wakala, nikamwambia kwa kiwango hicho sitaweza, na kama atapata nafasi ya msingi usiopungua laki saba anikumbuke. Mazungumzo yote hayakufika dakika kumi. Sikupoteza hata shilingi, na hakukasirika.

Makaazi na chakula uliza pia, lakini kwa ufupi. Kwa mtu wa Pemba, chumba cha wafanyakazi na milo miwili inaweza kuwa na thamani kuliko nyongeza ya laki moja, ili mradi chumba hicho hakikatwi kwenye mshahara.

Kazi za serikali hazina haja ya mzunguko huu. Mshahara unafuata ngazi, na aliyekuita kwenye usaili hana uwezo wa kuupandisha.

Ukishapata majibu kwa simu, yaandike. Nilipopigiwa na wakala yule yule miezi mitatu baadaye, safari hii kwa nafasi ya mjini, nilimtumia ujumbe baada tu ya kukata simu: "Nimeelewa kwamba msingi ni laki saba na nusu mpaka laki nane na nusu, ghafi, sevis chaji pembeni, chakula cha mchana kipo, makaazi hakuna. Nikikosea nirekebishe." Akajibu, "Sawa kabisa." Nikavuka. Barua ilipotoka imeandikwa laki saba, sikugombana na mtu. Nilimtumia tena ujumbe wake ule ule, na kesho yake barua ikaja nyengine, laki saba na nusu.