Fisi wa njia panda bila fisi: kupeleka ngano kwenye katuni fupi

Kila anayeanza kazi hii ya katuni za kujongea hapa Bagamoyo huleta ngano aliyosimuliwa nyumbani, na mara nyingi ni ile ya fisi aliyefika njia panda. Harufu ya nyama inatoka huku, harufu ya nyama inatoka kule. Fisi anataka zote mbili, mguu mmoja njia hii, mguu mwingine njia ile, mpaka anapasuka msamba. Mswada wa kwanza karibu kila mara unaishia kwa mzee mwenye bakora anayetokea mwishoni na kusema tamaa mbele, mauti nyuma. Nataka tuchukue ngano hiyohiyo tuone mzee anaondokaje, na kazi yake inafanywa na nini.

Kwanza elewa kwa nini bibi alitamka funzo. Alikuwa na mtoto mbele yake. Aliitikiwa "pakawa", akaona nani anasinzia, nani ametoka kugombana na mwenzake mchana, akalielekeza neno lake kwa huyo. Filamu haimwoni mtazamaji. Ukiweka sentensi ile mwishoni inamwangukia kila mtu sawasawa, hata yule aliyekwisha kuelewa, na kumbukumbu ya picha inafunikwa na sentensi.

Kwa hiyo usiulize "ngano hii inafundisha nini?" Jibu litakuwa tamaa, na tamaa haichoreki. Uliza "mwili wa fisi unafanya nini?" Unavutwa pande mbili na haukubali kuachia upande mmoja. Hicho kinachoreka, nacho ndicho roho ya ngano. Fisi, nyama na kichaka unaweza kuviacha kwa msimuliaji, ukatafuta mahali pengine ambapo mwili unavutwa hivyohivyo.

Chukua ufukwe wa soko la samaki asubuhi. Mashua mbili zimetia nanga, moja kushoto ina vibua, nyingine kulia ina nguru. Mchuuzi kijana anasimama katikati na tenga lake tupu. Dalali wa kushoto anataja bei, kijana anaridhia, mkono unaingia mfukoni. Kisha anageuza shingo na kuona nguru anainuliwa kulia. Anakimbilia kule. Kule nako mkono unaingia mfukoni, na kushoto fungu jipya linamwagwa mchangani. Anarudi. Hakuna anayesema neno linaloeleweka, na filamu nzima ni ya sekunde 90.

Sasa kitu kitakachobeba funzo. Chagua kimoja tu kinachobadilika kwa sababu ya matendo ya mhusika mwenyewe. Hapa ni nyayo zake. Maji yanapwa, mchanga uliobaki ni mbichi, na kila safari yake inaacha alama. Safari ya kwanza ni mstari mwembamba. Ya nne ni njia iliyokanyagwa, nene katikati, inayofifia kabla ya kuifikia mashua yoyote, kwa maana kadiri asubuhi inavyosonga anageukia njiani zaidi na zaidi. Kupwa kwa maji pia kunakupa saa bila kuchora saa: mwanzoni mashua zimesimama wima zikielea, mwishoni zimelala ubavu kwenye mchanga. Ndiyo sababu usichague maji kujaa. Yangefuta ushahidi wako, na yangeleta kishawishi cha kumwadhibu kijana kwa wimbi.

Hapo pa adhabu ndipo miswada mingi inapoharibika. Wimbi linabeba tenga, au mwizi anapita, au mvua inanyesha. Vyote hivyo vinatoka kwa mwandishi, havitoki kwa kijana, na mtazamaji anahisi mkono wa mtu anayetaka kumfundisha. Kwenye ngano fisi hakupigwa na radi. Miguu yake mwenyewe ndiyo iliyompasua. Kijana wetu naye asipatwe na lolote isipokuwa lile ambalo mbio zake zimezaa: kila akifika, fungu limepungua, na wanunuzi waliokuwa nyuma yake wanaondoka na matenga yaliyojaa.

Muda wa safari ndio unaosema asichosema mtu. Safari ya kwanza ipe kama sekunde 8, mwili mzima uonekane, mchanga uruke. Ya pili 5. Ya tatu 3. Ya nne onyesha miguu tu, sekunde moja, inatosha. Ukizifanya zote sawa mtazamaji atachoka na kijana. Ukizifupisha atahisi asubuhi inakimbia. Kisha simama. Kijana katikati, miguu imepanuka, wa kushoto umeelekea vibua, wa kulia umeelekea nguru, na uzito wa kiuno unakwenda huku ukirudi kule. Anayeijua ngano atamwona fisi hapo bila kuambiwa, na asiyeijua hatapoteza chochote. Mpe mkao huu sekunde 4. Kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde hizo ni fremu 96, na ukishikilia kila mchoro fremu mbili unahitaji michoro 48 ya kiuno na mabega peke yake. Usiibane. Wengi hukata hapa kwa kuogopa kimya, na hapa ndipo hadithi ilipo.

Ili uzito huo usidanganye, usiubuni kichwani. Mwombe mcheza ngoma au mwigizaji, mji huu hauna uhaba wao tangu Chuo cha Sanaa kilipoanzishwa 1981, asimame mchangani na tenga ajaribu kwenda pande mbili. Mrekodi kwa simu, kisha itazame polepole. Angalia kipi kinatangulia, kisigino kuinuka au shingo kugeuka. Chora hilo.

Baada ya mkao huo, picha ya juu: ufukwe, mashua mbili zimelala, njia ya nyayo katikati. Sekunde 3. Usikaribie uso wa kijana akilia. Chozi ni mzee mwenye bakora kwa umbo jingine, na muziki wa huzuni ni ndugu yake. Kwa sauti mimi hutumia madalali wawili wenye mapigo tofauti, maneno yasisikike, na wote wawili wanyamaze pale kijana anaposimama.

Kabla ya kuchora chochote kwa usafi, panga michoro ya rasimu kwa muda wake halisi, kisha uonyeshe watoto wachache bila sauti kabisa. Usiwaulize wamejifunza nini. Watakupa jibu la darasani, "tamaa ni mbaya", nalo halikuambii kama picha zimefanya kazi. Waombe wasimulie kilichotokea. Mtoto akisema "hakuwa na hela", tatizo liko kwenye mkono unaoingia mfukoni: haukuonekana vizuri, urefushe, noti zionekane pande zote mbili. Akisema "walimnyima", basi dalali amechorwa mkali mno. Halafu waulize swali moja tu: angefanya nini, na lini? Wakionyesha kila mmoja mahali pake, rudi kwenye mpangilio wa picha, sababu haijakaa. Wengi wao wakigusa kioo pale pale, kwenye shingo inapogeuka mara ya kwanza mkono ukiwa bado mfukoni, funga rasimu na uanze kuchora.