Linki siyo picha: kwa vijana wapya wa timu ya data

Nimeona tena ombi kwa modeli ya AI lililojaa linki za picha, na chini yake: "Soma risiti hizi, toa jumla." Wadogo zangu, hebu tukae kidogo.

1. Linki ndani ya maandishi ni maandishi. Modeli inapokea herufi za anwani na jina la faili, basi. Ili ione picha, lazima programu fulani iende kuichukua na kuiingiza kwenye ombi kama picha. Baadhi ya huduma zina zana ya kufungua kurasa, nyingine hazina. Kuna API zinazokubali URL, ila kwenye sehemu yake ya picha, siyo katikati ya sentensi.

2. Modeli isiyoona haisemi kila mara kwamba haioni. Hapa ndipo tulipoungua. Risiti za mafuta za madereva zilikuwa mtandaoni, nasi tukabandika linki zao kwenye ombi. Faili nyingi zilikuwa na majina kama `mafuta_moro_12machi.jpg`. Majibu yakaja mazuri: kituo, tarehe, lita, fedha. Nikapitisha. Siku dada wa uhasibu alipodai kuona risiti moja, tukakuta picha yake ilishafutwa kabla hata hatujaanza kazi. Lita tulikuwa nazo! Tulipokagua upya, mahali na tarehe vililingana na majina ya faili. Fedha hazikulingana na chochote. Na kinachoniuma zaidi, kwa faili kama `IMG_0412.jpg` modeli ilijibu waziwazi kwamba haiwezi kufungua linki. Skripti yetu ikaandika "tupu", nasi tukawalaumu madereva kwa kupiga picha zenye ukungu.

3. Fungua linki kwenye dirisha fiche. Ukidaiwa kuingia kwa akaunti, na seva inayokwenda kuichukua picha itadaiwa. Kisha:

```
curl -sL -o /dev/null -D - "LINKI" | grep -i '^content-type:'
```

Jibu la mwisho likiwa `text/html`, umeshika ukurasa wa wavuti, siyo picha yenyewe. Linki ya Drive yenye `/file/d/.../view` ni ya namna hiyo. Unachotaka ni `image/jpeg` au `image/png`. Na wewe unayetuma anwani ya `192.168`, hiyo inafunguka kwenye mtandao wa ofisi tu, mpenzi.

4. Linki zilizosainiwa za S3 hudumu siku 7 kwa upeo. Ya Jumatatu usiitumie mwezi ujao.

5. Pakia faili yenyewe. Kwenye API, itume kama base64. Wakati wa kupima, badili majina yawe `001.jpg`, `002.jpg`, kisha uliza kitu ambacho aliyeiona picha tu ndiye anayekijua, kama namba ya risiti. Changanya na linki moja iliyokufa. Hiyo iliyokufa ikijibiwa kwa namba, simamisha kazi yote uje uniite.