Maneno ya slaidi za usingizi

"Natengeneza slaidi za tabia za kulala kwa wanachuo hapa Moshi. Niandikeje nisionekane najifanya daktari?"

Dada, anza na vitenzi. "Kutibu" na "kuzuia" vinaahidi matokeo mwilini. "Jaribu" na "huenda ikakusaidia" haviahidi. Slaidi yako ya tatu, "Lala saa 3 usiku utibu msongo wa mawazo", inaahidi tiba, tena haitekelezeki: hosteli yenye wanne chumbani, saa 3 redio bado inalia. Ningeandika: "Chagua saa ya kuamka unayoiweza hata Jumamosi. Chaji simu mbali na kitanda."

Kaka aliyeshauri uweke "huu si ushauri wa daktari" mwishoni yuko sahihi nusu. Wengi hawafiki slaidi ya mwisho, na sentensi hiyo haifuti ahadi uliyokwisha kuitoa.

Kwa kahawa sema, "Ukiona ya jioni inakunyima usingizi, inywe mapema", maana watu hutofautiana. Ongeza pia: "Usingizi ukisumbua wiki kadhaa, mwone mhudumu wa afya." Slaidi ya kulala mchana ningewaonyesha kwanza wanachuo wawili watatu, maana wenye vipindi mpaka jioni wanaweza kuona haiwahusu.