LOPA kwa mliotoka kwenye HAZOP: tangi la petroli, na kinga ipi inastahili kuhesabiwa

Mkiwa kwenye HAZOP mnajaza ile safu ya kinga zilizopo: geji ya usawa, alamu, opareta, valvu ya kufunga, ukuta unaozunguka tangi, safu inajaa na kila mtu mezani anaona tumejilinda vya kutosha. Kwenye LOPA, yaani uchambuzi wa tabaka za kinga, hiyo safu haitoshi. Hapo unaulizwa kila kinga inapunguza hatari mara ngapi, na kama kilichoanzisha tatizo kimeshakufa, je hiyo kinga bado iko hai? Hesabu yenyewe ni kuzidisha tu, ugumu wote uko kwenye kuamua nani anaingia kwenye hesabu na nani anabaki nje.

Tuchukue tangi la petroli linalojazwa kupitia bomba, kwa sababu hili lilishatokea kweli, Buncefield kule Hertfordshire, Uingereza, tarehe 11 Desemba 2005. Tangi namba 912 lilikuwa linapokea petroli usiku, geji ikaganda, skrini ikawa inaonyesha usawa uleule huku tangi linazidi kujaa. Alamu zilikuwa zinasoma kutoka kwenye geji hiyohiyo, kwa hiyo zikakaa kimya. Kulikuwa na swichi ya juu kabisa inayojitegemea, nayo haikufanya kazi. Petroli ikamwagika kutoka juu ya tangi, wingu la mvuke likatanda mpaka nje ya kituo, na saa 12 na dakika moja asubuhi likalipuka. Zaidi ya watu 40 waliumia, na kutokufa mtu kulichangiwa sana na kwamba ilikuwa Jumapili alfajiri.

Sasa tuifanyie LOPA tangi la aina hiyo, namba hizi ni za mfano wetu sio za Buncefield. Senario: geji inakwama wakati wa kupokea, tangi linafurika, wingu linalipuka, mtu anakufa. Geji kufeli tunaipa mara 0.1 kwa mwaka, yaani mara moja kwa miaka 10, ndiyo namba ya kawaida kwa kifaa cha mfumo wa kontroo. Uwezekano wa wingu kupata moto tuseme 0.5, uwezekano wa mtu kuwepo eneo hilo 0.2. Kampuni yetu ya mfano imejiwekea kikomo cha 0.00001 kwa mwaka.

```
0.1 x 0.5 x 0.2 = 0.01 kwa mwaka
0.01 / 0.00001 = 1000
```

Kwa hiyo kinga zetu zote kwa pamoja zinatakiwa zipunguze hatari mara 1000. Mwanafunzi anarudi kwenye karatasi ya HAZOP, anaona alamu na opareta, anawapa PFD, yaani uwezekano wa kinga kushindwa inapohitajika, ya 0.1, anaona ukuta wa tangi, anaupa 0.01 kama ilivyo kwenye majedwali mengi, anazidisha, anapata 0.00001 kamili na anaandika kwamba swichi ya kukata haihitajiki. Karatasi safi kabisa, na ni kosa kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Alamu inasoma geji ileile ambayo kufeli kwake ndiko kulikoanzisha senario, sasa geji imekufa alamu italia kwa taarifa ya nani? Hapo mchango wake unahesabiwa sifuri, sio nusu, sifuri, yaani PFD yake ni 1. Na ukuta, ile 0.01 ni kwa ajili ya kuzuia petroli iliyo kimiminika isisambae chini, haizuii mvuke, na sisi senario yetu ni mlipuko wa wingu. Kinga inahesabiwa dhidi ya tokeo ulilouliza, ukibadilisha tokeo unaanza upya. Kwa hiyo pengo letu bado ni 1000.

Ukitaka kuliziba kwa swichi moja tu unahitaji PFD ya 0.001, hapo unagusa SIL 3, ngazi ya tatu ya uaminifu wa mfumo wa usalama, na mimi nikiona LOPA ya tangi inadai SIL 3 nasimamisha kikao, kwa sababu kuijenga ni kitu kimoja na kuitunza miaka 20 ni kitu kingine. Bora ugawe mzigo. Weka alamu ya pili yenye sensa yake na waya wake, opareta akijibu unapata 0.1, halafu mfumo wa kukata nao unabaki na 0.01 ambayo iko mpakani mwa SIL 1 na SIL 2, ukiwa mpakani chukua SIL 2. Angalieni hapa lakini, kama opareta akisikia alamu anafunga valvu ileile ambayo mfumo wa kukata nao unaifunga, mmerudi kulekule, valvu ikikwama zote mbili zimekufa pamoja. Opareta awe na njia yake, mfano kusimamisha pampu inayosukuma mzigo.

Halafu ile 0.1 ya opareta haiji bure, muda lazima uwepo. Tangi la kipenyo cha mita 20 lina eneo la kama mita za mraba 314, ukijaza mita za ujazo 600 kwa saa usawa unapanda kama sentimita 3.2 kila dakika. Alamu ikiwekwa sentimita 40 chini ya ukingo, opareta ana dakika 12 na nusu za kusikia, kuamini, kupiga redio na kusubiri mzigo usimame. Mimi siwezi kumpa 0.1 hapo. Ishushe iwe sentimita 80, anapata dakika 25, na bado nenda kapime kwenye chumba cha kontroo uangalie wanavyofanya kweli.

Mfumo wa kukata nao, kwa hesabu nyepesi PFD = λ × T / 2, λ ni kasi ya kufeli kusikoonekana na T ni muda kati ya jaribio na jaribio. Sensa, lojiki na valvu kwa pamoja zikiwa na λ ya 0.02 kwa mwaka, ukijaribu kila mwaka unapata 0.01, ukijaribu kila miezi 6 unapata 0.005, ndipo upo ndani ya SIL 2. Meneja akiahirisha jaribio mpaka miaka 4 umepata 0.04, yaani SIL 1 bila mtu yeyote kugusa bolti. Na jaribio lenyewe linaweza kuiua kinga: swichi ya Buncefield ilikuwa na kiwiko cha kujaribia ambacho kilihitaji kufuli ili kikae kwenye nafasi ya kazi, kufuli haikuwekwa, swichi ikabaki haifanyi kitu. Hiyo formula haiyaoni mambo ya namna hiyo, kwa hiyo utaratibu wa jaribio uandikwe mpaka hatua ya mwisho ya kurudisha kila kitu na mtu wa pili ahakikishe.

Jambo la mwisho kabla hujafunga jedwali, ile 0.1 ya mwanzo. Geji ya tangi 912 ilikuwa imekwama mara 14 kati ya mwisho wa Agosti na siku ya ajali, miezi mitatu na kidogo. Sio kila kukwama kungeleta mafuriko, lakini aliyeandika mara moja kwa miaka 10 kwa geji kama hiyo amekosea kwa mara mamia, na kinga zote alizopanga juu yake ni ndogo kwa kiasi hichohicho. Kwa hiyo kabla ya kuchukua namba ya jedwali, nenda kwa mafundi wa instrumenti uombe daftari la matengenezo la geji hiyohiyo, usome imeitiwa fundi mara ngapi, na kama ni zaidi ya mara moja kwa mwaka acha LOPA kwanza, katengenezeni geji.