Vifungu vitatu vilivyokula faida yangu Goba

Nilipokabidhi funguo za nyumba ya Goba, Dar es Salaam, tarehe 29 Septemba, nilikuwa bado nadai shilingi 9,600,000. Hiyo ndiyo ritensheni, yaani pesa ya zuio: asilimia 10 ya mkataba wa shilingi 96,000,000, iliyokuwa ikikatwa kila nilipolipwa. Mwaka mmoja baadaye nikapewa shilingi 1,400,000. Sikudhulumiwa, au tuseme sikudhulumiwa kwa siri, kwa sababu kila kilichokatwa kilikatwa kwa kifungu nilichokisaini mwenyewe, kila ukurasa, kwa kalamu yangu.

Mimi ni mkandarasi wa majengo wa daraja la 7. Mikataba yetu wadogo huwa ni ya kurasa nane au kumi, mara nyingi imeandikwa na wakili wa mteja, na sisi tunaangalia bei, muda na malipo ya awali, basi. Nilichokuja kukigundua ni kwamba kifungu cha mabadiliko ya kazi, kifungu cha fidia ya kuchelewa na kifungu cha zuio vinatakiwa visomwe pamoja, kwa kuwa vinapokezana. Mabadiliko yanakuchelewesha, kuchelewa kunazaa fidia, na fidia inajilipa yenyewe kutoka kwenye zuio ambalo tayari liko mkononi mwa mteja.

Pale Goba ilikwenda hivi. Muda wa kazi ulikuwa siku 168 kuanzia tarehe 4 Machi, kwa hiyo nilitakiwa kukabidhi tarehe 19 Agosti. Kuta zilipofika usawa wa renta, mama mwenye nyumba akaja saiti akasema jiko ni dogo, ukuta usogezwe. Tukabomoa, tukachimba msingi mpya upande huo. Baadaye madirisha ya mbao yakageuzwa kuwa ya alumini, na fundi wa alumini hapimi mpaka plasta ya pembeni mwa madirisha imalizike. Mwisho kikaongezwa choo cha nje. Gharama ya vyote ilikuwa shilingi 7,400,000. Nilikabidhi nikiwa nimechelewa siku 41: siku 28 za mabadiliko hayo, siku 7 za mvua, na siku 6 ambazo ni uzembe wangu, maana fundi wa plasta alihamia saiti nyingine na sikuwa na wa kumbadilisha.

Mkataba ulisema mabadiliko yasiyo na idhini ya maandishi ya mwenye nyumba hayalipwi. Mama alinielekeza kwa mdomo, na aliyesaini mkataba ni mumewe. Kwa hiyo 7,400,000 ikapotea. Mkataba ulisema pia fidia ni shilingi 200,000 kwa kila siku, na haukuwa na neno lolote kuhusu kuongezewa muda. Zidisha mara 41, unapata 8,200,000. Toa kwenye zuio, inabaki ile 1,400,000 yangu.

Kuna aliyeniambia ningeenda mahakamani. Ni kweli Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 74, inasema kiasi kilichotajwa kwenye mkataba ni kikomo tu. Anayedai anastahili fidia ya kiasi kinachofaa isiyozidi hapo. Nyumba ile ingepangishwa labda laki tano kwa mwezi, sawa na kama shilingi 17,000 kwa siku, na hapo laki mbili kwa siku ina maswali ya kujibu. Lakini angalia ni nani angefungua kesi. Mteja hakuwa na haja ya kunishtaki, pesa anayo. Mimi ndiye ningelipa wakili na kusubiri.

Mkataba uliofuata ulikuwa wa nyumba ya Kibada, shilingi 120,000,000. Rasimu ilipokuja niliomba wiki moja, nikakaa nayo pamoja na rafiki yangu mkadiriaji majenzi. Nilimlipa laki tatu.

Tulianzia kwenye mabadiliko. Swali la kwanza la rafiki yangu lilikuwa: mabadiliko ya kitu gani? Rasimu ilisema nitajenga “kwa mujibu wa michoro”, lakini michoro ilikuwa na matoleo mawili kwenye simu yangu. Ukiwa huna mchoro mmoja uliosainiwa na jedwali moja la vipimo na bei lililobandikwa kwenye mkataba, huwezi kuthibitisha kwamba kitu kimebadilika. Mteja atasema ukuta ulikuwa hapo tangu mwanzo. Tukachapisha michoro, pande zote mbili tukasaini kila karatasi.

Kisha tukaandika mambo manne kwenye kifungu chenyewe. Anayeweza kuagiza mabadiliko ni mtu mmoja aliyetajwa kwa jina na namba ya simu. Mteja alimchagua mkewe, na mimi sikuwa na tatizo, nilichotaka ni kujua. Agizo liwe la maandishi, na ujumbe wa WhatsApp kutoka namba hiyo uhesabike kuwa maandishi. Bei ifuate jedwali pale kazi inapofanana, na pasipokuwa na bei inayofanana iwe gharama halisi ya vifaa na ufundi kwa risiti, ikiongezwa asilimia 15. Na la nne, ambalo ndilo lingeniokoa Goba: karatasi ya mabadiliko ina nafasi mbili, ya shilingi na ya siku, na haianzi kutekelezwa mpaka zote mbili zijazwe na kukubaliwa. Mafundi wengi tunapigania shilingi tunasahau siku.

Palikuwa na sentensi moja nyingine ningeipita kama si rafiki yangu. Mwenye nyumba aliruhusiwa “kupunguza sehemu yoyote ya kazi”. Inaonekana haina shida. Lakini maana yake anaweza kuniondolea vigae, rangi na jipsamu, kazi zenye faida nzuri, akampa fundi wa bei ya chini, mimi nibaki na msingi na zege. Tuliongeza maneno machache: anaweza kupunguza kazi asiyoihitaji tena, si ili aifanyishe na mtu mwingine.

Kwenye fidia ya kuchelewa, nilidhani vita itakuwa juu ya kiwango. Rasimu ilitaka 150,000 kwa siku. Nilimuuliza mteja kwa heshima, mzee, siku moja ya kuchelewa itakugharimu nini hasa? Akasema anapanga Mbagala, kodi na nauli za watoto. Tukahesabu pamoja mezani, tukafika 50,000, na kikomo cha jumla shilingi milioni 4. Mimi nilitaka milioni 3, akakataa. Kikomo ni muhimu kuliko kiwango, kwa sababu bila kikomo hujui hasara yako inaishia wapi.

Kazi kubwa ilikuwa kwenye tarehe. Siku zinaanza kuhesabiwa lini? Rasimu ilisema siku ya kusaini. Ukisaini Jumatatu, kibali cha ujenzi kikatoka wiki sita baadaye na malipo ya awali yakaingia wiki ya nane, tayari umechelewa kabla hujachimba shimo. Tukabadilisha: siku zinaanza pale ambapo kibali kimetoka, nimekabidhiwa eneo na malipo ya awali yameingia, lolote litakalotokea mwisho. Mwisho wa kuhesabu nao ulihitaji kufungwa. Mteja akihamia ndani, fidia inasimama siku hiyo hiyo, hata kama bado napaka rangi uzio.

Halafu sababu za kuongezewa muda: mabadiliko aliyoagiza, kuchelewa kulipa, vifaa alivyosema atanunua mwenyewe visipofika. Mvua tulibishana. Mteja alisema masika ya Dar es Salaam si jambo la ghafla, inajulikana itanyesha kati ya Machi na Mei, kwa nini ailipie yeye? Nilikubali, hoja ilikuwa ya kweli. Nikaongeza siku 12 kwenye ratiba yangu tangu mwanzo badala ya kuzidai baadaye. Rasimu ilitaka pia nitoe taarifa ya kuchelewa ndani ya siku 3, vinginevyo nimepoteza haki. Siku tatu ni mtego kwa mtu anayeshinda kwenye vumbi, tukaweka 14.

Zuio ndilo lililonifungua macho zaidi. Faida yangu kwenye nyumba ya aina hii, nikiwa makini, ni kama asilimia 10 au 12. Ritensheni ya asilimia 10 kwa miezi 12 maana yake faida yangu yote inakaa kwa mteja mwaka mzima, na nyumba inayofuata naianza kwa kukopa. Tulikubaliana akate asilimia 10 ya kila malipo mpaka ifike asilimia 5 ya mkataba, yaani shilingi 6,000,000, kisha makato yasimame. Malipo ya awali hayaguswi, kwa kuwa hapo hakuna kazi iliyofanyika ya kuwekea zuio.

Rasimu ilisema zuio litarudishwa “mwenye nyumba atakaporidhika”. Maneno hayo hayana tarehe, na mtu anaweza asiridhike maisha yake yote. Tukaandika nusu irudi siku ya makabidhiano, na nusu irudi miezi 6 baadaye kipindi cha matazamio kikiisha. Mteja aliomba kipindi hicho kipite kwenye masika moja ili paa lijaribiwe, na nilimwona ana haki. Kasoro zitaletwa kwa orodha ya maandishi, nitakuwa na siku 21 za kurekebisha, na nisiporekebisha ndipo akate gharama ya kasoro hiyo tu. Nilijaribu kuzuia kabisa fidia ya kuchelewa isikatwe kwenye zuio. Sikuweza. Tulichokubaliana ni kwamba kabla ya kukata anipe hesabu kwa maandishi, siku kwa siku, na mimi nipate siku 7 za kuijibu.

Nyumba ya Kibada ilikuwa na karatasi tatu za mabadiliko, jumla shilingi 5,100,000 na siku 19. Nyingine mke wa mteja aliifuta baada ya kuona nafasi ya siku. Alitaka kuhamisha bafu akagundua litasogeza makabidhiano kupita ufunguzi wa shule. Nilikabidhi nikiwa nimepitiliza muda mpya kwa siku 5. Hesabu ikaletwa: siku 5 mara 50,000, jumla 250,000. Niliisoma, nikaona siku zote tano ni za kenchi zangu zilizochelewa kutoka kwa fundi mbao, nikasaini. Siku ya makabidhiano nikapokea nusu ya zuio, milioni 3 ukitoa hiyo 250,000.

Mvua za masika zilipokuja, orodha ikafika ikiwa na kasoro tatu: bati linalovuja juu ya baraza, mlango wa stoo uliovimba, na ufa mwembamba kwenye plasta ya korido. Nilimaliza zote ndani ya siku nane. Milioni 3 ya mwisho ilitumwa siku mbili baada ya tarehe iliyoandikwa, mzee akaomba radhi kwamba benki ilikuwa na foleni.